Chapati ya 14, wali wa 16: gharama gani ni ya chakula gani?

Shemeji yangu ana keteringi ndogo hapa Kisumu, anapikia nyuma ya nyumba huko Manyatta. Mwaka uliopita alipata oda ya watu 100, semina ya siku moja Milimani. Walikuwa wameelewana menyu ya wali, chapati moja, kuku wa kienyeji na mboga, 350 kwa sahani. Siku tatu kabla ya semina mwenye oda akapiga simu, "Mama, watu wetu hawataki wali, toa wali uweke chapati mbili, si ni bei ile ile?" Shem akafikiria kidogo kwa kichwa. Chapati inamgharimu 14, wali 16 kwa sahani, kwa hivyo hapo anaokoa bob 2 kwa kila mtu. Akakubali na roho safi.

Alimaliza hiyo kazi akiwa amechoka vibaya, amelipa mtu mmoja zaidi, makaa iliisha katikati, na pesa iliyobaki ilikuwa pungufu ya ile alitarajia. Akaniuliza venye hiyo inawezekana kama chapati ni bei rahisi kuliko wali. Mimi kazi yangu ni kuandikia biashara ndogo vitabu vya hesabu na hilo swali nimelisikia kwa watu wengi sana, wa hoteli, wa matanga, wa chakula cha ofisi. Kila mtu ameshasikia kuna gharama za moja kwa moja na kuna zile zingine, ovahedi, lakini ukiwauliza gesi iko upande gani, watu wawili wanakupa majibu mawili na wote wako na sababu. Wacha niieleze polepole kutumia hiyo oda yenyewe. Bei nitakazotaja ni za mfano wake tu, wewe weka zako.

Tuanze na maana. Gharama ya moja kwa moja ni ile unaweza kunyoosha kidole useme, bila kukisia, hii pesa ilienda kwa kitu hiki. Unga wa ngano umeenda kwa chapati, hakuna mtu atabisha, hauwezi kukuta unga wa ngano kwa sufuria ya kuku. Gharama isiyo ya moja kwa moja ni ile imehudumia vitu vingi pamoja, unajua imetumika lakini hauwezi kuonyesha ni kiasi gani kilienda wapi mpaka utafute njia ya kuigawa. Kodi ya jikoni ni hivyo, maji ni hivyo, airtime ya kupigia kastoma ni hivyo.

Fikiria nyumba ya kukodi yenye vijana watatu. Kila mtu ananunua sabuni yake ya kuoga, hiyo ni yake, hakuna maneno. Lakini stima ni mita moja. Mmoja ako na friji, mwingine anachaji simu tu. Mkigawa mara tatu sawasawa, huyo wa simu anamlipia mwenye friji na hata hajui. Keteringi ni hiyo nyumba, na vyakula ndio hao vijana.

Sasa hapa ndio watu wengi huchanganyikiwa, na nataka tukae hapa kidogo juu ndio kiini cha hii maneno yote. Hakuna gharama ambayo imezaliwa ya moja kwa moja ama isiyo ya moja kwa moja. Lazima uulize, moja kwa moja kwa nini? Kwa chakula kimoja? Kwa oda? Ama kwa biashara nzima? Chukua tuktuk iliyopeleka chakula Milimani, 1,000 kwenda na kurudi. Kwa oda ya semina hiyo ni ya moja kwa moja kabisa, bila hiyo semina tuktuk isingeitwa. Lakini kwa chapati? Tuktuk ilibeba chapati, kuku, mboga, sahani na wahudumu wawili, safari moja. Kwa chapati hiyo si ya moja kwa moja. Pesa ni ile ile, risiti ni ile ile, imebadilika tu kulingana na kitu unachopima. Kwa hivyo wale watu wawili wanaobishana juu ya gesi wote wanaweza kuwa sawa, mmoja anaongea juu ya oda na mwingine anaongea juu ya sahani.

Ndio maana mimi humwambia mtu wa keteringi apange gharama zake kwa ngazi tatu, ngazi ya chakula, ngazi ya oda, na ngazi ya mwezi. Kila shilingi ikae kwa ngazi ya chini kabisa ambayo inaweza kukaa bila kulazimishwa.

Tuanze na chakula, na turudi kwa menyu ya kwanza kabla mwenye oda hajabadilisha mawazo. Chapati 110 (100 za wageni na 10 za dharura, juu zingine huraruka na zingine huungua) zilikula pakiti 5 za unga za kilo 2, mafuta na vitu vidogo, jumla 1,400. Wali, kilo 8 za mchele pamoja na mafuta na vitunguu, 1,600. Mboga, sukuma na osuga pamoja na maziwa, 2,000. Kuku 13 wa kienyeji kwa 1,000 kila mmoja, nyanya na vitunguu na mafuta, na kijana wa kuchinja na kunyonyoa anayelipwa 50 kwa kuku, jumla 15,000. Zote pamoja 20,000, yaani 200 kwa sahani. Ukigawa chapati kwa watu 100 inakuwa 14 na wali 16, ndio zile namba shem alikuwa nazo kichwani. Ona tumegawa kwa watu 100 waliolipiwa na si kwa chapati 110, juu zile kumi hakuna mtu amezilipia, na unga wake lazima ulipwe na zile zilizouzwa.

Namba zake zilikuwa za ukweli, shida ni kwamba ziliishia kwa viungo. Na angalia huyo kijana wa kunyonyoa. Watu wengi hufikiri moja kwa moja maana yake ni vitu vya kununua sokoni, na wafanyakazi wote ni ovahedi. Hapana. Huyo analipwa kwa kuku, hagusi chapati wala mboga, kwa hivyo 650 yake ni ya kuku moja kwa moja kama vile kuku mwenyewe alivyo. Kuna upande mwingine pia. Chumvi kwa ukweli inaingia kila sufuria na ungeweza kuipima, lakini hakuna mtu mwenye akili atapima chumvi. Vitu vidogo kama hivyo, chumvi, dhania, kiberiti, weka kwa kapu moja dogo na uweke makadirio. Kupima kukigharimu zaidi ya kile kinachopimwa, achana nayo.

Sasa zile mbili ngumu, mikono na moto.

Wasaidizi watatu wa jikoni, kila mmoja 800 kwa siku, 2,400. Hawa walifanya kila kitu, huyu akikanda, yule anachambua osuga, baada ya dakika kumi wamebadilishana. Moto, makaa pamoja na gesi, ulikula 1,800. Jumla 4,200. Hii pesa yote imeenda kwa vyakula vinne lakini hakuna risiti inayosema ni vipi. Utafanya nini?

Njia ya kwanza ambayo watu hutumia ni kugawa sawasawa, vyakula vinne, kila kimoja kinabeba 1,050. Hapo wali unakuwa 26.50 na chapati 24.50, chapati bado inaonekana rahisi. Njia ya pili, ambayo ni mbaya zaidi na ndio inapendwa sana, ni kuongeza asilimia. Unasema mikono na moto ni 4,200, viungo ni 20,000, hiyo ni asilimia 21, kwa hivyo kila chakula naongeza asilimia 21. Inakaa kama haki. Lakini angalia vile inafanya. Kuku, juu tu amenunuliwa ghali, anabebeshwa 3,150 kati ya hizo 4,200, na chapati inabeba 294 peke yake. Sasa mtu yeyote ambaye amewahi kupika chapati mia moja anajua hiyo si kweli. Kuku wa kienyeji ukishamkata na kumweka motoni anajichemkia mwenyewe, unapita unageuza. Chapati kila moja ni kukata donge, kusukuma, kuweka, kugeuza, kupaka mafuta, kugeuza tena, kutoa, mara mia na kumi, na mtu hasogei pale.

Kwa hivyo njia ya kugawa lazima ifuate kile kinachosababisha hiyo gharama. Mikono husababishwa na masaa ya watu. Moto husababishwa na masaa ya jiko kuwaka. Hiyo tu.

Shem alichukua daftari ya shule na simu yake, akamwambia msichana mmoja aandike nani anafanya nini na kwa muda gani. Akafanya hivyo kwa oda tatu, hakufanya maisha yake yote, juu ukishapima mara tatu unajua. Wasaidizi watatu kwa masaa 8 ni masaa 24 ya kazi, kwa hivyo kila saa ni bob 100. Chapati zilikula masaa 10, watu wawili kwa masaa matano, mmoja anasukuma na mwingine ako kwa jiko. Kuku masaa 6. Mboga pia 6, na hiyo ilimshangaza, lakini osuga inachambuliwa jani kwa jani, mtu akikuambia mboga za kienyeji ni rahisi kwa sababu fungu ni bei ya chini ujue hajawahi kuzichambua za watu mia. Wali masaa 2 tu. Kwa hivyo mikono ni chapati 1,000, kuku 600, mboga 600, wali 200.

Moto akafanya hivyo hivyo, akahesabu kila jiko limewaka kwa muda gani. Chapati jiko moja masaa 5. Kuku sufuria mbili, masaa 3 kila moja, hiyo ni 6. Wali 2, mboga 2. Jumla masaa 15, 1,800 ukigawa kwa 15 ni 120 kwa saa. Chapati 600, kuku 720, wali 240, mboga 240. Hii si sayansi ya maabara, jiko dogo na jiko kubwa hayali sawa, na kama unataka usahihi zaidi kwa gesi pima mtungi kwa mizani kabla na baada ya kupika chakula kimoja, tofauti ya uzito ndio gesi iliyotumika. Lakini hata hii ya masaa tu inatosha kukuonyesha ukweli ambao asilimia 21 ilikuwa inaficha.

Sasa jumlisha. Chapati, 1,400 ya viungo, 1,000 ya mikono, 600 ya moto, ni 3,000. Bob 30 kwa moja. Wali, 1,600 na 200 na 240, ni 2,040, yaani 20 na senti kidogo. Mboga imefika 28. Kuku amefika 163. Chapati ambayo ilikuwa bob 2 chini ya wali sasa iko karibu bob 10 juu yake. Hakuna kitu kimebadilika sokoni, ni vile tu tumeacha kumfanya kuku alipie mtu wa kusukuma chapati.

Rudi kwa ile simu ya kwanza. Kutoa wali na kuweka chapati ya pili, tofauti ni 3,000 kutoa 2,040, 960. Lakini hapa kuna mtego ambao hata watu wa hesabu huanguka, kwa hivyo niulize kama mtu mbishi. Hizo ni namba za kugawa kwa daftari, je, pesa halisi mfukoni ilitoka hivyo? Wasaidizi wanalipwa kwa siku, si kwa saa. Ukitoa wali unaokoa masaa mawili ya mtu lakini hakuna shilingi inarudi mfukoni, yule mtu umeshamlipa 800 yake. Ni kweli kabisa, na swali hili uliulize kila wakati. Tuangalie. Alichookoa kwa kweli ni mchele na viungo vyake 1,600 na moto 240, jumla 1,840. Alichoongeza ni unga na mafuta 1,400, moto 600, na masaa 10 ya kazi. Masaa mawili aliyapata kwa wale waliokuwa wapike wali, manane yaliyobaki ndio yule mtu wa nne aliyelipwa 800. Jumla 2,800. Toa 1,840, ni 960. Safari hii daftari na mfuko vimekubaliana, na ni kwa sababu yale masaa manane yalikuwa siku nzima ya mtu mmoja. Kama kazi ya ziada ingekuwa ya masaa mawili tu, wasaidizi wangeimeza bila kuongezwa mtu na mfuko ungeumia kidogo kuliko daftari inavyosema. Kama ingekuwa masaa kumi na moja, angelazimika kuita watu wawili ama kuwalipa hawa kitu juu, na mfuko ungeumia zaidi. Kwa hivyo bei yako ya kawaida panga kwa masaa, lakini mtu akikuomba mabadiliko ya ghafla, hesabu tena kwa kuuliza ni shilingi gani mpya itatoka na ni ipi haitatoka.

Ngazi ya oda sasa, hii ni nyepesi. Tuktuk 1,000, kukodi chefing dishi na sahani 2,000, wahudumu wawili 700 kila mmoja. Jumla 4,400, yaani 44 kwa mgeni. Hizi usizigawe kwa vyakula. Nimeona mtu akijaribu kugawa tuktuk kwa uzito wa sufuria na nikamuuliza, ukijua wali umebebwa kwa bob 230 utafanya nini na hiyo habari? Hakuna. Tuktuk ingekuja hata kama wali haupo. Acha hiyo 44 ikae kama 44 ya oda, iongeze mwisho. Isipokuwa chakula kimoja kimesababisha safari yake chenyewe. Kastoma akitaka ngege fresh na ukatuma bodaboda Dunga asubuhi na mapema kuchukua samaki pale ziwani, hiyo boda ni ya samaki, iandike kwa samaki, juu kama samaki hayuko kwa menyu hiyo boda haipo.

Ngazi ya mwezi ndio ile ovahedi yenyewe. Kodi ya jikoni, maji, stima, airtime, leseni ya kaunti ambayo analipa mara moja kwa mwaka lakini anaigawa kwa miezi 12, vyeti vya afya vya wapishi ambavyo analipa kila miezi sita na anavigawa kwa miezi 6, na kitu kidogo cha sufuria kuchakaa, juu sufuria kubwa ikitoboka hutanunua na maombi. Kwake ilifika 13,000 kwa mwezi. Mwezi wa kawaida jikoni lake linafanya kazi siku 13, kwa hivyo kila siku ya kupika inabeba 1,000.

Nimesema mwezi wa kawaida, na nina sababu. Kuna mtu atasema, mwezi huu nimepata oda 5 tu, kwa hivyo kila oda ibebe 2,600. Ukifanya hivyo unapandisha bei wakati kazi ni chache, bei ikipanda unakosa hata zile oda mbili zilizokuwa zinakuja, mwezi ujao unagawa kwa tatu, bei inapanda tena. Unajifungia mlango wewe mwenyewe. Zile siku jiko limelala ni hasara ya biashara, ijue, iandike, itafutie dawa, lakini usiiweke kwa sahani ya mtu wa semina, yeye hajalaza jiko lako.

Halafu kuna mshahara wa shem mwenyewe. Nilipomuuliza ameuweka wapi akasema, "Shem, mimi si nitakula faida?" Hapana. Siku moja alikuwa Kibuye akinunua vitu tangu asubuhi, siku ya pili alikuwa jikoni tangu saa kumi ya alfajiri. Kama angekuwa mgonjwa angelipa mtu afanye hizo siku mbili. Tukaweka 1,000 kwa siku, 2,000 kwa oda. Faida ndio inabaki baada ya wewe mwenyewe kulipwa kama mfanyakazi, hizo ni pesa mbili tofauti na ukizichanganya utafikiri biashara inaendelea vizuri kumbe unajitolea bure.

Kwa hivyo menyu ya kwanza, ile ya wali. Vyakula 24,200, oda 4,400, siku ya jikoni 1,000, yeye mwenyewe 2,000. Jumla 31,600, 316 kwa sahani. Kwa 350 alikuwa anabaki na 3,400. Chapati ya pili ilipoingia, 960 ikatoka hapo, akabaki na 2,440. Zaidi ya robo ya faida iliondoka kwa simu ya dakika mbili, na yeye alifikiri ameongeza 200.

Kuna mambo mawili watu hushikilia sana na lazima niyaguse. La kwanza ni ile kanuni ya zidisha viungo mara mbili. Kwa hii oda ya kuku inakupa 400 na unalala vizuri, juu kuku ni ghali na kumzidisha kunaleta pesa nyingi ya kufunika kila kitu. Sasa jaribu kwa menyu ya matanga ya chapati, maharagwe na mboga. Viungo ni 14, 25 na 20, jumla 59, mara mbili ni 118. Lakini chapati tumeona ni 30, mboga 28, maharagwe ukiweka moto wa masaa na mikono ni kama 35, hiyo ni 93, ongeza 44 ya oda, 10 ya jikoni na 20 ya mwenye kazi, unafika 167. Umeuza 118. Watu mia umepoteza karibu 4,900 na viungo vyako vyote umerudisha, ndio maana hauoni. Hiyo kanuni haijui kazi, inajua tu bei ya soko.

La pili ni kufikiri moja kwa moja ni sawa na ile inayopanda na kushuka, na ovahedi ni sawa na ile haibadiliki. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. Moto unapanda ukipika zaidi, lakini sufuria nne kwa majiko yale yale, lazima uugawe, si wa chakula kimoja. Na ukiajiri mtu wa chapati peke yake kwa mshahara wa mwezi, huyo ni wa chapati moja kwa moja hata kama mwezi huu amesukuma 200 ama 2,000 na mshahara haukusonga.

Utajuaje kama umegawa vibaya na haujui? Angalia ni oda gani zinakukimbilia na ni gani zinakukataa. Shem alikuwa anapata sana kazi za chapati nyingi na mboga za kienyeji, watu wanamsifu bei, na zile za wali na kuku anaambiwa yuko juu kidogo kuliko jirani. Hiyo ni dalili kamili. Bei yake ya vitu vyenye kazi nyingi ilikuwa chini ya gharama, na bei ya vitu vyepesi ilikuwa imebeba mzigo usio wake, kwa hivyo kastoma walikuwa wanamchagulia zile kazi za kumchosha. Dalili nyingine ni dipoziti ya oda ya kesho kulipa kodi ya mwezi uliopita. Ukiona hivyo na viungo vyako vyote vimerudi, shida haiko sokoni, iko kwa mikono na moto ambao haujaandikwa kwa jina la chakula chochote.

Unga ukipanda badilisha mstari wa unga, yale masaa 10 ya chapati yanabaki masaa 10. Kile kinachotaka kupimwa upya ni ukinunua kikaango kikubwa, ama ukibadilisha makaa na gesi, ama ukipata mpishi mwenye mkono mwepesi.

Mwezi uliopita amepigiwa tena simu ile ile, kastoma mwingine, watu 80, toa wali weka chapati mbili. Nilikuwa nimekaa pale. Akamwambia, "Chapati ya pili ni bob 15 juu, na uniambie leo kabla ya jioni, juu lazima nitafute mtu mwingine wa kusukuma na jiko la pili."